Kadi Mbili Mkekani

Mhudumu wa afya wa kijiji ametandaza kadi mbili mkekani: chupa ndogo ya matone ya parasetamoli na chupa kubwa ya dawa ya maji. "Dada, hizi si sawa," anasema. Mililita 1 ya matone haya ina miligramu 100. Ya dawa ya maji, 24 tu. Ukizichanganya, mtoto hupata dozi mara nne, na ini ndilo huumia.

Mwanawe ana kilo 8, hivyo ni mililita 5 za dawa ya maji. Mama anajaribu kwa maji, akitumia bomba lisilo na sindano. Kipovu kimeingia! Kadi inaonyesha: elekeza ncha juu, gonga, sukuma hewa itoke, kisha soma ukingo wa mpira ulioshika dawa. Anavuta tena. Safari hii mpira umesimama kwenye 5.