Barua Ambayo Mwalimu Mmoja Tu Angeweza Kuiandika

"Mwanafunzi huyu ana bidii, ana nidhamu, anashirikiana vizuri na wenzake, na ninampendekeza bila kusita." Sentensi hiyo haina uongo, na huenda mwalimu aliyeiandika anamthamini kwa dhati mwanafunzi wake. Lakini msomaji wake yuko katika ofisi ya udahili ya chuo kikuu cha Marekani. Hajawahi kufika Moshi wala Songea, na mezani ana mafaili mengi yenye sentensi hiyohiyo. Akiimaliza, hajui jambo lolote jipya kuhusu kijana anayeomba nafasi.

Vyuo vya Marekani vyenye ushindani mkali kwa kawaida huomba barua ya mwalimu wa somo, mara nyingi mbili, na nyingine ya mkuu wa shule au mshauri wa wanafunzi. Chuo cha MIT, kwa mfano, hutaka barua moja ya mwalimu wa hisabati au sayansi, na ya pili ya mwalimu wa lugha, sanaa au sayansi ya jamii. Mkuu wa shule huieleza shule na nafasi ya mwanafunzi ndani yake. Mwalimu wa somo huulizwa jambo dogo zaidi na gumu zaidi: kijana huyu anapokutana na kitu asichokielewa, hufanya nini? Cheti cha matokeo hakiwezi kujibu hilo, na mwombaji mwenyewe akilijibu hujisifu. Aliyekuwapo darasani ndiye shahidi.

Tuchukue mfano wa kubuni, wa aina ambayo mwalimu yeyote wa fizikia ataitambua. Binti wa mchepuo wa PCM, shule ya serikali, anaomba kusoma uhandisi. Rasimu ya kwanza ya mwalimu wake inasema: "Ni mdadisi na anapenda sana majaribio ya maabara." Hapo kuna dai, hakuna ushahidi. Mwalimu anajiuliza alimwona lini akiwa mdadisi, siku gani, na kazi gani ilikuwa mbele yake. Anakumbuka zoezi la pendulamu, lile la tufe dogo la chuma linaloning'inizwa kwa uzi. Anaandika upya hivi:

"Katika zoezi hili wanafunzi hubadilisha urefu wa uzi, hupima muda wa tufe kwenda na kurudi, kisha huchora grafu ya mraba wa muda dhidi ya urefu. Mstari unatakiwa kupita kwenye sifuri. Wa kwake haukupita. Wenzake kadhaa waliopata tatizo hilo waliulazimisha mstari upite. Yeye aliuacha ulipoelekezwa na vipimo, akauendeleza mpaka ukakata mhimili wa urefu karibu sentimita moja upande wa hasi, akaniuliza sentimita hiyo imetoka wapi. Sikumjibu. Kesho yake, wakati wa mapumziko, alirudi maabara akapima tufe kwa kalipa na kukuta kipenyo chake ni sentimita mbili. Alikuwa amepima urefu mpaka juu ya tufe, pale uzi unapofungwa, badala ya katikati yake. Katika ripoti aliliandika kosa hilo waziwazi, akaonyesha kwamba halikugusa mwinuko wa grafu, na kwamba jibu lake la mita 9.7 kwa sekunde mraba lilikuwa bado linafaa."

Neno "mdadisi" halimo tena, na halihitajiki. Msomaji ameuona udadisi wenyewe, pamoja na uaminifu wa mtu asiyepika data, na ustahimilivu wa kurudi maabara saa ambayo wenzake wanakula. Mwalimu ameeleza zoezi kwa maneno machache, kwa kuwa afisa udahili anaweza kuwa msomi wa historia. Ametaja wenzake walifanya nini, na hilo ndilo linaloupa mfano uzito, maana bila hao wengine msomaji angedhani kila mtu darasani alifanya vivyo hivyo. Kisha ametaja kitu kinachoweza kuonekana, yaani ripoti.

Mfano wa namna hii hukamilika ukionyesha kilichofuata. Mwalimu anaongeza sentensi moja: tangu siku ile, kundi la binti huyo huandika kwanza wanapoanzia na wanapoishia kupima kabla ya kushika saa, na makundi mengine mawili yameiga. Sasa hata "anashirikiana na wenzake" imepata mwili. Mifano miwili ya uzito huu inatosha kurasa moja au moja na nusu. Mwalimu anayejaza mifano saba huishia kutoa orodha, na orodha ya vilabu na zawadi tayari mwombaji ameijaza mahali pengine.

Lakini mwalimu mwenye wanafunzi 60 katika mkondo mmoja atakumbukaje? Mara nyingi hatakumbuka, na kalenda yetu inazidisha ugumu. Kidato cha Sita hufanya mtihani wa taifa mwezi Mei. Baadaye wengi huenda JKT, wengine hutawanyika makwao. Vyuo vingi vya Marekani hupokea maombi ya mapema mpaka 1 Novemba, na ya kawaida mpaka mwanzoni mwa Januari. Ombi la barua linapomfikia mwalimu, kijana ameshaondoka shuleni miezi mitano au zaidi. Ndiyo maana mwanafunzi anayefikiria kuomba nje anapaswa kumwona mwalimu kabla ya mtihani wa mwisho, na mwalimu aandike papo hapo mistari michache kwenye daftari lake: tarehe, zoezi, alichofanya. Mistari hiyo itakuwa dhahabu ifikapo Oktoba.

Kama haikuandikwa, bado ipo njia. Mwalimu amwombe mwanafunzi alete daftari la maabara, insha zilizosahihishwa na karatasi za mtihani wa mock, kisha wakae pamoja nusu saa. Amuulize ni mada gani ilimshinda kwanza, na aliishindaje baadaye. Daftari lenye kalamu nyekundu ya mwalimu mwenyewe huamsha kumbukumbu kuliko wasifu uliochapwa vizuri.

Hapa pana desturi inayoniumiza, kwa sababu huwaangusha vijana wanaostahili. Mwalimu ana kazi nyingi, anamwambia mwanafunzi: "Andika mwenyewe, niletee nisaini." Barua hiyo huwa dhaifu hata kijana akiwa hodari wa kuandika, kwa sababu hawezi kujua mwalimu aliona nini akiwa amesimama nyuma ya darasa. Hawezi pia kujilinganisha na wanafunzi wa miaka iliyopita. Mara nyingi barua hutoka na mtindo uleule wa insha yake binafsi, na msomaji mzoefu hulihisi jambo hilo haraka. Shaka ikiingia, faili zima huharibika. Mfumo wenyewe umejengwa juu ya usiri. Sheria ya Marekani ya mwaka 1974 kuhusu kumbukumbu za elimu humpa mwanafunzi haki ya kuona mafaili yake akishajiunga na chuo, lakini kwenye fomu ya maombi huulizwa kama anaiachia haki ya kuisoma barua ya mwalimu. Wengi huiachia, na vyuo huiamini zaidi barua iliyoandikwa hivyo. Mwalimu asiye na muda, au asiyemjua vya kutosha mwanafunzi, atamsaidia zaidi akisema mapema, "Mwanangu, mtafute mwalimu anayekufahamu vizuri."

Jambo la pili linalohitaji uangalifu ni alama. Kwenye mtihani wa taifa wa Kidato cha Sita, A huanzia 80 na B huanzia 70. Mmarekani akiona 72 hufikiria mwanafunzi wa kawaida, kwa kuwa katika shule nyingi za kwao alama hiyo ni C. Mkuu wa shule huambatisha maelezo ya madaraja, lakini mwalimu wa somo anaweza kusaidia kwa sentensi moja: "Alama yake ya 72 katika mtihani wa mock ilikuwa ya kwanza kati ya wanafunzi 46, na aliyemfuata alipata 61." Takwimu hizo ziwe za kweli, zitoke kwenye karatasi ya matokeo.

Unyenyekevu wetu pia hutuponza kwenye jedwali la tathmini. Katika mfumo wa Common App, ambao vyuo vingi hutumia, mwalimu hupata kiungo kwa barua pepe, hufungua akaunti yake, hupakia barua, na huombwa pia kuweka alama kwenye sifa kama uandishi, ubunifu na ukomavu. Ngazi ni saba. "Nzuri" ni ya tatu kutoka chini, na juu yake zipo "nzuri sana", kumi bora kati ya mia, watano bora kati ya mia, na wachache bora ambao mwalimu amepata kukutana nao. Mwalimu aliyezoea kuandika "nzuri" kwenye daftari la kijana hodari anaweza kumshusha bila kukusudia. Lakini kuweka ngazi ya juu kila mahali nako hakumsaidii, hasa kama barua inasema jambo jingine. Sifa ambayo mwalimu hakuishuhudia ina kisanduku chake cha kusema hana msingi wa kuhukumu, na kukitumia ni uaminifu.

Vipi kuhusu shida za nyumbani? Walimu wengi huanza barua na umaskini wa familia au kifo cha mzazi, wakiamini huruma itafungua mlango. Taarifa hizo ni za mwanafunzi, kwa hiyo aombwe ruhusa kwanza. Akikubali, shida iandikwe pale tu inapoeleza kazi aliyoifanya. "Kwao hakuna umeme" haitoshi. "Kwa kuwa kwao hakuna umeme, alifika shuleni saa kumi na mbili asubuhi kufanya maswali ya hisabati kabla ya vipindi, na ndipo nilipoanza kumkuta darasani peke yake" humwonyesha mtu, na mwalimu anabaki shahidi wa alichokiona.

Barua huandikwa kwa Kiingereza, na Kiingereza chepesi kinatosha kabisa. Anayesoma hatafuti ufasaha wa mwalimu. Kosa linalotupata sana ni kuchanganya viwakilishi vya kike na vya kiume, kwa kuwa sisi hatuvitenganishi, na binti anageuka mvulana katikati ya aya. Hilo humfanya msomaji ahisi kwamba barua imenakiliwa kutoka ya mwanafunzi mwingine, kwa hiyo mwenzako ofisini aipitie kwa ajili ya kosa hilo peke yake. Majina yafanane na ya pasipoti. Tumia karatasi yenye nembo ya shule, saini na muhuri, kisha ihifadhiwe kama PDF. Barua pepe ya mwalimu iwe yake kweli. Anwani iliyofunguliwa na mwanafunzi kwa jina la mwalimu ni udanganyifu, na chuo kikigundua kinaweza kufuta udahili.

Mwalimu pia asitaje jina la chuo ndani ya barua ya Common App. Barua hiyohiyo moja ndiyo hupelekwa kwa kila chuo ambacho mwanafunzi amempangia mwalimu huyo, na kijana anayeomba vyuo nane hatapenda saba kati ya hivyo visome kwamba mwalimu wake anamwona akifaa zaidi kwa kile cha nane. Nakala ibaki kwa mwalimu. Mwezi Machi kijana huyo anaweza kurudi akiomba barua ya ufadhili, na hapo kitakachobadilika ni aya ya mwisho tu, kwani zoezi la pendulamu litabaki vilevile.