Vijiji Sita, Nyaya Tano

Vijiji sita vinataka umeme. Gharama ya kuvuta waya kati ya kijiji na kijiji, kwa mamilioni ya shilingi, imeshapimwa: A–B ni 2, C–D 3, B–C 4, A–D 5, E–F 6, B–D 7, D–E 8 na C–F 9. Mwanafunzi anatakiwa kuchagua nyaya zitakazoviunganisha vijiji vyote kwa jumla ndogo kuliko zote. Zoezi la namna hii limetokana na umeme kweli: mwaka 1926 mwanahisabati Otakar Borůvka alichapisha jibu lake la kwanza, baada ya kuulizwa kuhusu mtandao wa umeme wa Moravia, Chekoslovakia.

Mwaka 1956 Mmarekani Joseph Kruskal alitoa njia nyepesi zaidi kuieleza. Nyaya zote hupangwa kuanzia ya bei ndogo, kisha hutazamwa moja baada ya nyingine. Ikiwa ncha mbili za waya bado hazijaunganika kupitia nyaya zilizokwisha chaguliwa, waya unachukuliwa. Zikiwa zimeunganika unaachwa, kwa sababu ungefunga mzunguko tu na kula fedha bure. Vijiji sita vikipata nyaya tano, kazi imekwisha.

Wengi hushangaa kwamba pupa hii ya kushika cha bei ndogo haileti hasara mbele. Sababu yake ni hii. Waya unaochaguliwa huunganisha makundi mawili yaliyokuwa mbalimbali, na hakuna waya wa bei ndogo zaidi unaotoka katika kundi lake kwenda nje. Mtu akileta mpango mwingine usio na waya huo, auongeze: mzunguko utatokea, na ndani yake lazima kuwe na waya mwingine unaotoka katika kundi lilelile. Huo akiung'oa, vijiji vyote vinabaki vimeunganika na gharama haijapanda.

Ugumu uko katika swali moja: je, A na D wameshaunganika? Jicho hujibu mara moja kwenye karatasi, lakini programu yenye nodi laki moja haina jicho. Hapo ndipo unapoingia muundo wa makundi ulioelezwa na Galler na Fischer mwaka 1964. Kila nodi hukumbuka mzazi mmoja tu, mithili ya mtu anayemjua baba yake, na kwa kupanda mzazi hadi mzazi hufika kwa mkuu wa ukoo, yaani mzizi. Nodi mbili zenye mzizi mmoja ni za kundi moja.

Mwanzoni kila kijiji ni mzizi wa nafsi yake. A–B inachukuliwa, mzazi wa B anakuwa A. C–D inachukuliwa, mzazi wa D anakuwa C. Kwa B–C, mzizi wa B ni A na mzizi wa C ni C mwenyewe, kwa hiyo mizizi hiyo inaunganishwa: mzazi wa C sasa ni A. Inafuata A–D, na hapa ndipo wanafunzi wengi hujikwaa. Mzazi wa D ni C, wa A ni A. Anayelinganisha wazazi anaona tofauti na kuuchukua waya. Kisha anachukua E–F, anahesabu nyaya tano, anasimama na jumla ya 20. Jibu linapendeza, ila E na F wamebaki gizani.

Kinachotakiwa ni kupanda mpaka mzizi:

```
def find(x):
    while parent[x] != x:
        parent[x] = parent[parent[x]]
        x = parent[x]
    return x
```

D anapanda kwa C, kisha kwa A. Mzizi ni mmoja, kwa hiyo A–D inakataliwa. E–F inaingia, B–D inakataliwa, D–E inaingia, na jumla sahihi ni 23. C–F haikuhitaji hata kutazamwa. Mstari wa tatu wa msimbo humsogeza D moja kwa moja chini ya A, ili safari ijayo iwe fupi. Mizizi inapounganishwa, kundi dogo likiwekwa chini ya kubwa, maswali haya huwa mepesi kiasi kwamba muda mwingi wa programu huishia katika kupanga bei.

Kosa lililofichika zaidi ni la kusoma swali. Katika mti huu, safari ya A hadi D hupitia B na C na hugharimu 9, ilhali waya wa moja kwa moja ulikuwa 5. Kruskal hupunguza jumla ya mtandao mzima; hakuahidi njia fupi kati ya vijiji viwili. Zoezi likiuliza njia fupi, linahitaji mbinu nyingine, kama ile ya Dijkstra.