UZI: Mtoto mwenye kipawa, arukishwe darasa au aongezewe kina?

1. Msimu wa siasa ukifika huku Malindi na Kilifi, hukosi kusikia jukwaani ahadi ya "shule ya watoto wenye vipaji". Watu wanapiga makofi, kipaza sauti kinahamia kwa mwingine, basi. Kama kawaida yetu, hatutaji mwanasiasa wala chama. Tunauliza tu maswali mawili ambayo ahadi hiyo huyakwepa: mtoto huyo mtamjuaje? Na mkishamjua, mtamfanyia nini?

2. Tuanze na sheria, maana wengi hawajui kwamba imemtaja. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, kifungu cha 44, inawahesabu watoto wenye vipawa vya pekee ndani ya kundi la wanafunzi wenye mahitaji maalum, pamoja na watoto wenye ulemavu. Kwa hivyo kumhudumia mtoto huyu si zawadi ya mheshimiwa. Na kifungu cha 45 kinampa waziri uwezo wa kutunga kanuni kuhusu muda wa masomo ya kundi hili na jinsi wanavyosonga mbele. Mlango upo.

3. Sasa, kumtambua. Sisi tuliosoma enzi za KCPE, ambayo ilifanywa mara ya mwisho 2023, tulizoea njia moja: matokeo yakitoka, aliye juu anabebwa mabegani na picha inaingia gazetini. Lakini mtihani unapima alichofundishwa mtoto, kwa lugha ya mtihani. Ukimweka mtoto wa mjini aliyelipiwa tuisheni kando ya mtoto anayeongea Kigiriama nyumbani na kusoma kwa mwanga wa koroboi, tofauti ya alama zao haikwambii nani anafikiri zaidi.

4. Hili si la kudhania. Mwanasaikolojia Robert Sternberg na wenzake walifanya utafiti Usenge, karibu na Ziwa Victoria, na kuuchapisha 2001. Waliwapima watoto Waluo ujuzi wao wa dawa za miti shamba, halafu wakawapima msamiati wa Kiingereza na mambo mengine ya shule. Kumbe watoto waliojua zaidi miti shamba walielekea kupata alama za chini kwenye msamiati wa Kiingereza. Kuna akili ambayo mtihani wa shule haukuwa unaiona kabisa.

5. Utasema basi mwalimu atachagua, yeye ndiye anawajua. Mwalimu anajua mengi, ila naye huwa anamwona mtoto nadhifu, mtulivu, anayejibu kwa Kiingereza kizuri. Kule Broward, Florida, walikuwa wakingoja mwalimu au mzazi apendekeze jina. Kuanzia mwaka wa masomo wa 2005, wakawapima watoto wote wa darasa la pili kwa jaribio la maumbo, lisilohitaji maneno. Idadi ya watoto weusi, wenye asili ya Amerika ya Kusini na wa familia maskini waliotambuliwa ikapanda sana. Watoto walikuwa walewale. Kilichobadilika ni kwamba safari hii kila mmoja aliangaliwa.

6. Tulete nyumbani. Tuseme kuna msichana wa Gredi 4 katika shule ya umma karibu na Mida, darasa la watoto 60. Kiingereza chake cha kawaida, insha zake fupi, hesabu anapata 90 na kitu. Siku moja mwalimu anawasikia watoto wakipanga kwenda kuokota chaza. Leo maji yamejaa saa nne asubuhi, na wanataka kwenda baada ya siku tatu. Binti anawaambia, "Siku hiyo yatajaa kama saa sita na nusu, tungojeni jioni yakitoka." Babake mvuvi alimwambia maji huchelewa karibu dakika 50 kila siku. Kuzidisha kwa tatu na kugeuza kuwa saa amefanya mwenyewe, kichwani.

7. Hiyo ni dalili tu, bado si uthibitisho. Hatua ya pili ni kuwapima watoto WOTE 60, si yeye peke yake, kwa jaribio la maumbo, huku maelekezo yakitolewa kwa Kiswahili au Kigiriama. Na alama zao zilinganishwe na za wenzao wa shule hiyo hiyo. Ukiweka kiwango kimoja cha kaunti nzima, nafasi zote zitaenda kwa shule chache za mjini. Ukichukua watoto watatu wa juu katika kila 60, kila shule itakuwa na wake.

8. Hatua ya tatu ndiyo inasahaulika zaidi. Anayepata 95 kwenye karatasi ya Gredi 4 hujui uwezo wake unaishia wapi, kwa sababu karatasi imeisha kabla yake. Unampa karatasi ya hesabu ya Gredi 5, halafu ya Gredi 6, bila kumfundisha kwanza. Akipata 35 kwenye ya Gredi 6, ni mzuri, ila bado ana mengi ya kusoma na darasa. Akipata 75, basi miaka miwili ijayo ya hesabu ataketi akisikiliza anachokijua.

9. Tuseme huyu amepata 75 kwenye hesabu, na Kiingereza yuko palepale Gredi 4. Hapa ndipo ubishi wa jukwaani unapaswa kuanza. Njia ni mbili. KUHARAKISHA ni kumpa masomo ya mbele mapema kuliko umri wake. KUONGEZA KINA ni kumwacha na rika lake, lakini umpe kazi pana na ngumu zaidi.

10. Wazazi wengi wanaogopa kuharakisha: mtoto atapotea kati ya wakubwa, ataonewa. Hofu hiyo inaeleweka. Lakini tangu 1971, Julian Stanley alipoanza mradi wake wa vijana wakali wa hesabu katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, ushahidi uliokusanywa unaonyesha kwamba walioharakishwa kwa kuchaguliwa vizuri hufanya vyema kimasomo, na kwa jumla hawaharibikiwi kijamii. Neno zito hapo ni "kwa kuchaguliwa vizuri".

11. Kuchagua vizuri kuna masharti. Mwongozo unaotumika sana Marekani, ule wa Iowa, unasema usimrushe mtoto darasa zima ikiwa yeye mwenyewe hataki, hata mzazi akisisitiza. Usimrushe pia ikiwa ndugu yake yuko darasa lake la sasa au lile analopelekwa. Mkubwa akipitwa na mdogo wake, mtakuwa mmemsaidia mmoja na kumvunja mwingine. Huku kwetu, ndugu wanapofuatana na shule ni moja, sharti hili litawagusa wengi.

12. Halafu kuna makaratasi ya Kenya. KNEC hukusanya tathmini za shuleni za Gredi 4, 5 na 6 kabla ya KPSEA. Na katika kupangiwa sekondari pevu, KJSEA ya Gredi 9 inabeba asilimia 60, KPSEA asilimia 20, na tathmini za Gredi 7 na 8 asilimia 20. Mtoto akiruka gredi nzima, anaacha pengo kwenye rekodi. Kwa hivyo anayeahidi "watoto werevu wataruka" mwulize: pengo hilo litajazwa vipi, na kanuni iko wapi? Bila jibu, atakayeumia ni mtoto siku ya kupangiwa shule.

13. Kwa binti wetu, kuruka darasa zima kungekuwa kosa hata bila hayo, maana uwezo wake wa pekee uko kwenye somo moja. Dawa yake ni kuharakisha SOMO. Kipindi cha hesabu anaenda Gredi 6, kikiisha anarudi kwa wenzake. Jina lake linabaki rejista ya Gredi 4 na tathmini zake haziguswi. Kinachotakiwa ni hesabu za gredi zote mbili ziwekwe saa moja kwenye ratiba. Na tangu 2023 sekondari msingi ziko ndani ya shule za msingi, kwa hivyo akifika Gredi 5 au 6, mwalimu wa hesabu wa Gredi 7 yuko uwanja huo huo. Nauli hakuna, bweni hakuna, na mtoto mdogo hapelekwi kulala mbali na kwao.

14. Na kuongeza kina je? Hapa kuna ujanja mwingi. Kumpa maswali 40 ya kuzidisha wakati wenzake wana 20 si kina, ni adhabu ya kumaliza mapema. Kumfanya monita awafundishe wenzake kila siku pia si kina. Mmarekani Harry Passow aliacha kipimo kizuri: je, kila mtoto angetaka kufanya jambo hili, angeweza, na angefaa kulifanya? Kama jibu ni ndiyo, basi ni haki ya darasa zima. Safari ya magofu ya Gede ni ya wote 60. Ukiwachukua "werevu" watano tu, umewabagua hamsini na watano.

15. Kina cha kweli kwa binti huyu kiko kwenye maji yale yale. Apewe kijiti chenye alama, daftari na saa, na mtu mzima wa kwenda naye. Kwa mwezi mmoja wa kuandama aandike saa ambayo maji yanajaa na kimo chake. Atagundua kwamba zile dakika 50 za baba ni wastani tu: wakati wa bamvua maji huchelewa kidogo, wakati wa maji mafu huchelewa zaidi. Halafu aulizwe kwa nini, na mwezi unahusikaje. Hapo amevuka kutoka kukokotoa hadi kuuliza. Gharama yake ni ndogo. Kilicho adimu ni saa moja kwa wiki ya mwalimu anayeweza kusema, "Sijui, tuangalie."

16. Watu wa kumsaidia mwalimu huyo wapo kaunti hii. KEMRI-Wellcome Trust mjini Kilifi ina programu ya kukutanisha wanafunzi na wanasayansi. Chuo Kikuu cha Pwani kiko hapo hapo. Na Ngomeni ndipo Waitaliano waliporushia setilaiti ya Uhuru mwaka 1970, iliyochunguza nyota kwa miale ya eksirei. Kabla ya kuahidi jengo jipya, kiongozi aseme nani atalipa nauli ya mwalimu na mwanafunzi mara moja kwa mwezi kufika sehemu kama hizo.

17. Basi wakija tena na ahadi ile, waulizeni haya. Mtawapima watoto wote au mtangoja majina? Kwa lugha gani? Mtawalinganisha na nani? Mtoto mkali wa somo moja mtamfanyia nini? Na akienda mbele, rekodi yake KNEC itakaaje? Akijibu moja tu kati ya matano, mwambieni arudi na mengine manne yakiwa yameandikwa.