Seva iliyosahauliwa

Mwezi Agosti 2024, msimamizi wa mifumo wa chama kimoja cha akiba na mikopo mjini Mombasa alikuwa akikagua vyeti vya usalama vya tovuti ya chama. Alipofungua crt.sh akaona jina asilolijua, jaribio2, likiwa chini ya kikoa cha chama chake. Chama hicho na watu wake ni wa kutunga. Hatua alizopitia mama huyu ndizo wanazopitia wenye kazi hii, na vifaa alivyotumia vipo.

Crt.sh ni daftari la wazi. Tovuti inapopewa cheti kile kinachoweka alama ya kufuli kwenye kivinjari, jina lake huandikwa humo, na yeyote duniani anaweza kulisoma. Jaribio2 lilikuwa na mistari mingi, ikipishana kwa takribani siku 60. Cheti cha Let's Encrypt kilidumu siku 90, na programu ya certbot ilikihuisha yenyewe zilipobaki siku 30. Kwa hiyo seva ilikuwa hai, ikijihuishia cheti bila mtu kuigusa. Mstari wa kwanza kabisa ulikuwa wa Machi 2022. Siku ya kuzaliwa akawa ameipata kabla hajaingia ndani.

Kilichofuata kilikuwa kuitazama kwa macho ya mtu wa nje. Aliiacha intaneti ya ofisi, akaunganisha laptopu kwenye data ya simu yake, kisha akajaribu poti 5432, mlango wa kawaida wa hifadhidata ya PostgreSQL. Ikaitika. Hapo alijua kwamba kama yeye ameiona, wengine wameiona zamani. Shodan, injini inayotafuta mashine zilizo wazi kama vile Google inavyotafuta kurasa, imekuwa ikipita mitandaoni tangu 2009.

Mtu mwenye haraka angeizima papo hapo. Yeye alianza kwa kufunga milango yote kwenye ukuta wa moto wa kampuni inayokodisha seva, ulio nje ya mashine yenyewe, akabakiza njia moja ya kuingilia kutoka ofisini. Kisha akachukua nakala kamili ya diski. Ukizima kwanza, vilivyomo kwenye kumbukumbu ya muda hupotea, na pengine ushahidi nao.

Alipoingia, jambo la kwanza lilimchanganya. Ukuta wa moto wa ndani, ufw, ulikuwa umewashwa na ulionyesha poti tatu tu zilizoruhusiwa: 22, 80 na 443. Hapakuwa na 5432. Aliyeiweka seva hii hakuwa mzembe, basi poti ilifunguka vipi?

Jibu ni Docker, programu inayoendesha huduma ndani ya makontena. Ukiiambia itoe poti ya kontena nje, huandika kanuni zake yenyewe ndani ya Linux, nazo huzigeuza pakiti kuelekea kwenye kontena kabla hazijafika mahali ufw inapozikagua. Ni sawa na kumweka askari getini huku magari yakichepushwa barabara ya nyuma. Nyaraka za Docker zenyewe zinaonya kuhusu jambo hili, lakini nani huzisoma siku ya kazi nyingi? Anayeamuru `ufw status` huona kila kitu shwari.

Kumtafuta mhusika hakukuwa rahisi. Akaunti ya kukodishia seva ilikuwa moja, ikitumiwa na idara nzima kwa nywila moja, kwa hiyo haikusema ni nani aliyebonyeza kitufe. Rekodi za walioingia zilikuwa za wiki chache tu, maana Ubuntu huzifuta za zamani kadiri mpya zinavyokuja. Zilibaki funguo za SSH. Mwishoni mwa ufunguo mmoja paliandikwa laptopu-uhasibu.

Hapo ndipo wengi hukosea. Maneno hayo ya mwisho ni maandishi huru: kompyuta huyajaza kwa jina lake, na mtu anaweza kuyabadilisha apendavyo. Laptopu ile ilikuwa ya uhasibu kweli, ila daftari la vifaa lilionyesha kwamba mwaka 2022 ilikuwa imeazimwa kwa mwanagenzi wa idara ya kompyuta. Mhasibu aliyekuwa karibu kuitwa kujieleza hakuwahi hata kujua.

Ushahidi wenye nguvu ulikuwa ndani ya folda ya mradi, ambamo Git iliweka historia ya kila badiliko. Mwanagenzi ndiye aliyeandika faili la kwanza, Machi 2022. Tarehe 14 Juni mtu mwingine aligusa mstari mmoja:

```
-      - "127.0.0.1:5432:5432"
+      - "5432:5432"
```

Mstari wa juu unamaanisha kwamba hifadhidata inasikiliza kutoka ndani ya mashine tu. Wa chini unaifungulia dunia nzima. Kwa kuwa jina la Git nalo mtu hujiandikia mwenyewe, alitafuta uthibitisho: kontena lilikuwa limeundwa upya siku hiyohiyo, na jina lilikuwa la mwanaprogramu anayeketi meza ya pili kutoka kwake.

“Nilitaka kutoa ripoti nikiwa nyumbani,” alisema kijana huyo, akiinamia skrini. “Nilitazama ufw, dada, nikaona imefungwa kwa wengine. Nikadhani imeniruhusu mimi kwa sababu ya nywila.”

Mwanagenzi alipopigiwa simu alikumbuka vizuri. Siku yake ya mwisho alituma barua pepe kuomba seva ifutwe. Barua ilimfikia mkuu wa idara wa wakati huo, ambaye mwezi huohuo alihamia kazi nyingine. Ada ya seva ikaendelea kulipwa pamoja na nyingine, kwenye ankara moja.

Swali lililobaki lilikuwa zito kuliko la nani. Ndani ya hifadhidata mlikuwa na nakala ya orodha halisi ya wanachama: majina, simu, namba za vitambulisho. Je, ilichukuliwa? Rekodi za kontena, ambazo Docker haizipunguzi isipoambiwa, zilirudi hadi 14 Juni 2022 jioni, na jioni hiyohiyo majaribio ya kubahatisha nywila yalikuwa yameanza. Yalijaa kwa maelfu. Lakini PostgreSQL kwa kawaida huandika anayeshindwa kuingia. Anayefanikiwa haandikwi mpaka kipengele cha `log_connections` kiwashwe, nacho kilikuwa kimezimwa. Hapakuwa na jedwali la kudai fidia wala programu ya kuchimba sarafu za kidijitali, alama ambazo wavamizi wengi huziacha. Hata hivyo nywila ilikuwa jina la chama likifuatwa na 2022. Hakuna aliyethubutu kuapa kwamba haikubahatishwa.

Wakubwa waliuliza kama seva ya majaribio inastahili kelele zote hizo. Aliwapa mfano wa Microsoft. Mwishoni mwa Novemba 2023 kundi la wadukuzi wa Urusi liitwalo Midnight Blizzard lilibahatisha nywila ya akaunti ya zamani kwenye mazingira ya majaribio, isiyokuwa na uthibitisho wa pili. Humo walikuta programu ya majaribio iliyopewa mamlaka makubwa kwenye mfumo halisi, wakaitumia kufikia barua pepe za viongozi wa juu. Microsoft iligundua tarehe 12 Januari 2024.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inatoa saa 72 kumjulisha Kamishna wa Ulinzi wa Data, panapokuwa na hatari ya kweli kwa wenye taarifa. Chama kilipeleka taarifa siku ya pili, kikieleza pia kile ambacho rekodi hazingeweza kuonyesha.

Wakati wa kuifuta seva, mama huyo alianza na jina: aliondoa jaribio2 kwenye DNS, akasubiri, ndipo akaiachia mashine. Angefanya kinyume, anwani ile ya IP ingepewa mteja mwingine wa kampuni ya seva huku jina la chama likiendelea kuielekea, na mteja huyo angeweza kuomba cheti halali kwa jina la chama.