Dakika Kumi Mbele ya Watahini: Kupanga Kesi ya Mgonjwa Wodini

Mwanafunzi wa udaktari hafuzu kwa mitihani ya karatasi peke yake. Siku hufika akapelekwa wodini, akaoneshwa kitanda, kisha akaachwa na mgonjwa ambaye hajawahi kumwona. Muda hutofautiana baina ya vyuo, lakini mara nyingi huwa kama saa moja. Saa hiyo ikiisha, watahini huja na mwanafunzi huwaeleza habari za mgonjwa huyo kwa dakika 10 hivi, halafu maswali yanaanza. Wanafunzi wenyewe wanauita mtihani huo kesi ndefu.

Wapo wanaouliza kila kitu na kumpima mgonjwa vizuri, lakini wakifika mbele ya watahini wanamwaga habari jinsi zilivyoingia daftarini. Kesi iliyopangwa humwongoza msikilizaji hatua kwa hatua, hata akaujua ugonjwa kabla haujatajwa. Ili tuone jinsi mpangilio huo unavyojengwa, tuchukue mgonjwa wa mfano: mwanamke wa miaka 28, mama lishe, mkazi wa Temeke, mwenye mtoto mmoja wa miaka 4. Amelazwa siku 3 zilizopita. Anaishiwa pumzi, moyo unamwenda mbio na miguu imevimba.

Saa moja igawanywe

Mgawanyo unaofaa ni dakika 25 za mazungumzo, 20 za kumpima mgonjwa na 15 za kukaa na kupanga. Hizi 15 za mwisho ndizo huliwa kwanza. Mwanafunzi anayeendelea kusikiliza kifua mpaka watahini wanafika kitandani hana njia nyingine ila kusoma daftari lake kama lilivyo.

Kazi inaanza kwa salamu, kujitambulisha kuwa ni mwanafunzi, na kuomba ruhusa. Kisha swali moja pana: "Dada, nieleze ulivyoanza kuumwa." Amwache aseme bila kumkatiza. Mgonjwa huyu ataanzia pale palipomtisha zaidi: "Juzi usiku nilidhani nakufa, daktari. Pumzi zilikata kabisa." Ni habari muhimu, ila si mwanzo wa ugonjwa. Swali linalofuata ndilo linaloupata mwanzo: "Mara ya mwisho kujiona mzima kabisa ilikuwa lini?" Jibu lake litakuwa sentensi ya kwanza ya historia mbele ya watahini.

Malalamiko yanatajwa kwa maneno ya mgonjwa pamoja na muda, kuanzia lililodumu zaidi: kuishiwa pumzi miezi 3, moyo kwenda mbio wiki 4, kuvimba miguu wiki 2. Hapa si mahali pa jina la ugonjwa. Anayesema "amelazwa kwa sababu ya moyo" ameshatoa hukumu kabla ya ushahidi. Na mgonjwa akisema "nina kifua," aulizwe zaidi, kwa maana anaweza kuwa na kikohozi, maumivu, kubanwa, au aliwahi kuambiwa ana kifua kikuu.

Historia ifuate ugonjwa ulivyokwenda

Mbele ya watahini historia inakwenda hivi: "Alikuwa mzima hadi miezi 3 iliyopita, alipoanza kuhema akipanda ngazi na ndoo ya maji. Mwezi uliofuata akawa anahema hata akitembea mahali tambarare. Sasa kuoga tu kunamchosha, halali bila mito 3, na usiku hukurupuka akakimbilia dirishani kutafuta hewa."

Sentensi hizo zimefanya kazi kubwa. Mtu anapolala chali, damu nyingi zaidi hurudi kifuani kutoka miguuni na tumboni. Moyo uliozidiwa ukishindwa kuisukuma, shinikizo hupanda ndani ya mapafu na pumzi hukatika. Kwa hiyo ile mito 3 na kule kukurupuka usiku vimeshampeleka mtahini kwenye moyo. Tena ameshajua ukubwa wa tatizo. Kwa kipimo cha Chama cha Moyo cha New York, chenye daraja 1 hadi 4, mtu anayehema kwa kazi ndogo kama kuoga lakini ametulia akikaa yuko daraja la 3.

Baada ya hapo yanakuja majibu ya "hapana", na hapa ndipo wengi hupotea. Mwanafunzi hutaja kwamba mgonjwa haumwi kichwa, haumwi masikio, haharishi, hakojoi mara nyingi, mpaka uzi unakatika. Kila "hapana" inayotajwa iwe na ugonjwa inaoufungia mlango. Kwa mgonjwa huyu zinatosha chache. Hana homa za jioni, hatoki jasho usiku na hajakonda, hivyo kifua kikuu kinasogezwa mbali. Uvimbe haukuanzia usoni wakati wa asubuhi, hivyo figo zinarudi nyuma. Kuna pia ugonjwa wa misuli ya moyo unaowapata wazazi kuanzia mwezi wa mwisho wa ujauzito hadi miezi 5 baada ya kujifungua. Mtoto wake ana miaka 4, kwa hiyo huo nao hauna nafasi kubwa.

Kisha kuna jambo ambalo mgonjwa hakulitaja mpaka alipoulizwa. Akiwa na miaka 11 alikosa shule wiki kadhaa kwa homa na maumivu ya viungo. Maumivu yalianza gotini, yakahamia kifundo cha mguu, halafu kiwiko. Kabla ya hapo alikuwa ameumwa koo. Hiyo ni sura ya homa ya rumatiki, inayofuata maambukizi ya koo ya bakteria aina ya streptokokasi. Kinga ya mwili iliyoamshwa dhidi ya bakteria hushambulia pia vali za moyo, na madhara yake huweza kuonekana miaka mingi baadaye.

Kwa kufuata fomu, habari hiyo ingekaa chini ya magonjwa ya zamani, kati ya malaria na upasuaji. Mwanafunzi makini huivuta mbele na kuiweka mwisho wa historia ya ugonjwa wa sasa, kwa sababu ndiyo inayoeleza chanzo. Fomu inasaidia usisahau swali, lakini uzito wa habari ndio unaoamua ikae wapi. Dawa anazotumia, mzio, familia na maisha ya nyumbani vinapitiwa kwa sentensi chache, bila kuacha tarehe ya hedhi ya mwisho na njia ya uzazi wa mpango. Tutaona hivi punde kwa nini.

Sema ulichokipata

Katika kueleza uchunguzi wa mwili, hali ya jumla hutangulia: ameketi akiegemea mito, anahema haraka, hana upungufu wa damu wala manjano, miguu imevimba hadi magotini na inabonyea. Vipimo vya awali hutajwa kwa tarakimu: mapigo 110 kwa dakika, yasiyo na mpangilio wowote, pumzi 28 kwa dakika, shinikizo la damu 100 kwa 70, oksijeni asilimia 93.

Kisha unakuja mfumo ulioathirika, kwa ukamilifu. Mshipa wa shingo umejaa. Mpigo wa ncha ya moyo uko mahali pake, lakini unagonga kidole. Sauti ya kwanza ya moyo ni kubwa kuliko kawaida. Katikati ya mapigo kuna sauti ya ziada, nzito na ya chini, inayosikika kwenye ncha ya moyo mgonjwa akilalia ubavu wa kushoto na kengele ya stetoskopu ikiwekwa juu taratibu. Mapafu yana mikwaruzo sehemu za chini, na ini limeshuka sentimita 4 chini ya mbavu, likiuma linapobonyezwa. Mifumo mingine inatosha sentensi moja, mradi imepimwa kweli.

Kosa baya zaidi linafanyika hapa: kutaja kisichosikika kwa sababu kitabu kimesema kipo. Vitabu vinaeleza kwamba sauti hiyo huongezeka kabla tu ya mpigo unaofuata. Ongezeko hilo huletwa na chemba za juu za moyo zinapojikaza. Kwa mgonjwa mwenye mapigo yasiyo na mpangilio kama huyu, chemba hizo zinatetemeka tu, na ongezeko kwa kawaida hutoweka. Anayelitaja amejifichua kwamba amekariri. Mtahini atamwambia waende kitandani akamwoneshe. Ni heri kusema "sikuisikia sauti ya ziada," kwani ukweli huo unajadilika.

Muhtasari na hitimisho

Muhtasari si kurudia yote kwa kasi. Ni sentensi mbili au tatu: "Mwanamke wa miaka 28, mwenye historia ya utotoni inayofanana na homa ya rumatiki, amekuja na kuishiwa pumzi kunakozidi kwa miezi 3 na kuvimba miguu. Ana mapigo yasiyo na mpangilio, sauti ya ziada kwenye ncha ya moyo, na dalili za maji mapafuni na mwilini."

Jina la ugonjwa linafuata, likiwa na tabaka zake: moyo umeshindwa kufanya kazi, daraja la 3, sababu ni kusinyaa kwa vali ya mitrali, chanzo cha kusinyaa ni homa ya rumatiki, na imejitokeza athari ya mapigo kuvurugika. Anayeishia kwenye "moyo umeshindwa" ametaja hali, hajataja ugonjwa. Uwezekano mwingine utajwe pia, kama kifua kikuu kilichoingia kwenye mfuko wa moyo, pamoja na sababu ya kuuweka nyuma: pale sauti za moyo huelekea kufifia, na hapa zinasikika kwa nguvu.

Vipimo navyo vifuate mawazo hayohayo. Eko ya moyo inathibitisha vali ilivyosinyaa, kipimo cha umeme wa moyo kinathibitisha mapigo, eksirei inaonesha mapafu, na damu inaonesha hali ya figo na uwezo wa kuganda. Matibabu ni dawa za kupunguza maji, dawa za kutuliza kasi ya moyo, penisilini ya kuzuia homa ya rumatiki isirudi, na wafarini, maana chemba inayotetemeka hugandisha damu na bonge likisafiri hadi ubongoni huleta kiharusi. Baadaye vali yenyewe huhitaji kufunguliwa au kubadilishwa katika kituo cha moyo kama Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam.

Hapo lile swali la hedhi linajibu. Wafarini inaweza kudhuru mimba changa, na ujauzito wenyewe huulemea moyo wenye vali nyembamba. Mwanafunzi aliyeuliza mapema ataomba kipimo cha mimba na kuzungumzia uzazi wa mpango bila kusukumwa. Aliyesahau atabanwa na swali hilohilo.

Kwa wewe msomaji ambaye siku moja unaweza kulala kwenye kitanda hicho: mwanafunzi lazima akuombe ridhaa, na una haki ya kukataa bila matibabu yako kuguswa. Ukikubali, mweleze tangu siku ya mwisho uliyojiona mzima, mtajie dawa zote unazotumia, na usiache ugonjwa wa utotoni ati kwa kuwa ni wa zamani. Huenda huo ndio chanzo cha ugonjwa uliokuleta hospitali.