Mlimau Ukigeuka Manjano: Magnesiamu, Chuma au Zinki?

Katika nyua ndogo za Buruburu, Umoja, Donholm na Komarock, mlimau ni mmojawapo wa miti michache ya matunda inayopatiwa nafasi. Hupandwa kando ya ukuta, karibu na tangi la maji, au ndani ya pipa lililokatwa. Majani yake yakianza kugeuka manjano, jirani humshauri mwenyewe aongeze samadi au amwage jivu shinani. Mara nyingi hayo hayasaidii, na jivu linaweza kuzidisha tatizo. Umanjano unaoacha mishipa ya jani ikiwa kijani una asili tatu zinazotokea sana kwenye jamii ya michungwa, yaani upungufu wa magnesiamu, wa chuma au wa zinki, na kila mmoja una tiba yake.

Kabla ya kutazama rangi, tazama ni majani gani yaliyougua: ya zamani au machanga? Magnesiamu hukaa katikati kabisa ya molekuli ya klorofili, ile rangi ya kijani inayonasa mwanga wa jua. Mti ukiishiwa nayo, hubomoa klorofili ya majani yaliyozeeka na kuhamishia magnesiamu kwenye matawi mapya na matunda. Kwa hiyo njaa ya magnesiamu huonekana kwanza kwenye majani ya zamani, hasa yaliyo karibu na matunda. Chuma na zinki havihamishiki kwa urahisi hivyo. Vikishatumika kwenye jani hubaki humo, na machipukizi yanayokuja hukosa. Ndiyo maana upungufu wake huanzia kwenye ncha za matawi.

Alama ya magnesiamu ikishaeleweka haisahauliki. Manjano huanza kama mabaka pande zote mbili za mshipa mkuu, kisha huungana na kusambaa kuelekea ukingoni. Mwishowe hubaki pembetatu ya kijani kwenye kitako cha jani, penye kikonyo, na pengine kijani kidogo kwenye ncha. Majani hayo hudondoka mapema. Hapa ndipo jivu na samadi nyingi zinapoleta taabu: vyote viwili vina potasiamu kwa wingi, na potasiamu hushindana na magnesiamu kuingia mizizini.

Chuma huonekana tofauti kabisa. Jani changa lina ukubwa wa kawaida au pungufu kidogo, lakini limepauka, na juu ya mpauko huo hata mishipa midogo kabisa imechorwa kijani kama wavu mwembamba. Hali ikizidi, wavu wenyewe hufifia na jani huwa karibu jeupe, huku majani ya chini ya tawi hilohilo yakiwa ya kijani kizito.

Zinki nayo hubadilisha umbo pamoja na rangi. Majani mapya huwa madogo, membamba, yamechongoka na kusimama wima, na nafasi kati ya jani na jani hufupika hadi tawi lionekane limefungamana. Kijani hubaki kama mkanda mpana kando ya mshipa mkuu na matawi yake, na katikati hukaa mabaka ya manjano yaliyokolea.

Sehemu kubwa ya Eastlands imekalia udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaonata viatuni mvua inyeshapo na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi. Madini ya chuma yamo ndani yake, ila mti hauwezi kuyanyonya. Kila pH ya udongo inapopanda kwa alama moja, chuma kinachoyeyuka majini hupungua takriban mara 1,000. Udongo huu mara nyingi una chembe za chokaa, na kwenye ua wa nyumba huongezewa vifusi vya saruji na plasta vilivyofukiwa wakati wa ujenzi. Maji ya visima virefu vya Nairobi nayo huwa na bikaboneti nyingi, ambayo hupandisha pH kidogokidogo kila mti unaponyweshwa. Wakati wa masika maji hutuama, mizizi hukosa hewa, na uwezo wake wa kunyonya chuma hushuka zaidi. Zinki huzuiwa na hali hizohizo, hivyo si ajabu tawi moja kuonyesha alama za vyote viwili.

Chukua mfano wa mlimau ulio hatua moja kutoka ukuta wa nyumba ya Donholm, unaonyweshwa maji ya kisima. Majani ya chini ni mazima. Ya juu yamepauka yakiwa na wavu wa kijani. Magnesiamu imeondoka kwenye orodha, kwa kuwa majani ya zamani hayajaguswa. Majani machanga si membamba wala hayakufungamana, kwa hiyo chuma ndicho kinachoshukiwa kwanza. Mwenyewe anachota udongo mkavu karibu na shina na kuumwagia siki. Ukitoa mapovu, kuna chokaa.

Kisha huja jaribio la brashi. Gramu 5 za salfeti ya chuma huyeyushwa katika lita moja ya maji ya mvua yenye matone machache ya maji ya limau, na kutumika papo hapo, maana mchanganyiko ukikaa hugeuka rangi ya kutu na kupoteza nguvu. Nusu moja ya jani changa hupakwa, nusu nyingine huachwa. Ikiwa baada ya wiki moja au mbili vidoa vya kijani vimejitokeza upande uliopakwa tu, chuma ndicho kilichokosekana.

Kununua dawa nako kunahitaji kusoma pakiti. Chuma cha salfeti kikimwagwa kwenye udongo wenye chokaa hufungwa upesi, na kile cha EDTA hakidumu pH ikipita 6.5 hivi. Kwa udongo kama huo aina inayofaa ni EDDHA, unga mwekundu uliokolea unaostahimili hata pH ya 9. Huyeyushwa, humwagwa shinani jioni na kufuatiwa na maji, kwa sababu mwanga wa jua huuvunja. Zinki hupuliziwa majani: gramu 5 za salfeti ya zinki kwa lita moja, pamoja na gramu 2.5 za chokaa iliyozimwa ili majani yasiungue, wakati majani mapya yamefikia theluthi mbili ya ukubwa wake. Kwa magnesiamu, gramu 20 za salfeti yake, inayouzwa kama chumvi ya Epsom, kwa lita moja ya maji hutosha kupulizia, na jivu lisimamishwe. Majani ya zamani yaliyokwisha kuwa manjano huenda yasirudie kijani. Kinachoangaliwa ni yatakayofuata.

Palipo na shaka, maabara za KALRO zilizoko Kabete hupima udongo. Lakini kuna ugonjwa mmoja ambao mbolea haiuponyi: griningi, unaoletwa na bakteria na kuenezwa Kenya na kidudu kidogo kinachofyonza utomvu na kuacha vinundu kwenye majani machanga. Aina yake ya Kiafrika hustawi penye baridi kiasi, kama Nairobi. Tawi lililougua linaweza kufanana sana na lililokosa zinki. Tofauti huonekana jani likikunjwa kwenye mshipa mkuu: mabaka ya upungufu hulingana pande zote mbili, ya griningi hayalingani na huvuka mishipa. Matunda nayo huwa yamepinda na mbegu zake zimesinyaa. Mti uliothibitika kuwa nao hung'olewa, la sivyo vidudu hivyo hubeba bakteria hadi kwenye mlimau wa ua wa pili.