Matokeo ya mashine ya hali yapitie rejista kwanza

Kuna hitilafu ya kumbukumbu inayowachosha sana wabunifu wa saketi za kidijitali. Saketi inaagizwa kusoma neno moja la data kwenye anwani fulani, kisha iandike neno jingine kwenye anwani ya pili. Inaandika vizuri. Ukirudi kukagua, unakuta anwani ya pili iko sawasawa, lakini ile ya kwanza, iliyosomwa tu, mara nyingine ina takataka. Msimbo ukipitiwa mstari kwa mstari hauna kosa. Uigaji kwenye kompyuta unapita. Bodi iliyoko mezani inaharibu data hata hivyo, na hasa ikishapata joto.

Kisa hiki nakichukua kwa sababu chanzo chake hujificha mahali ambapo wengi hawatazami, yaani kwenye mstari mmoja wa mantiki kati ya mashine ya hali na pini ya kutokea.

Mashine ya hali ni saketi inayokumbuka iko hatua gani ya kazi, na kila saa inapopiga huamua hatua inayofuata. Hatua hizo ndizo hali, nazo huhifadhiwa kwa biti chache ndani ya flip-flopu. Tuchukue mashine yenye hali saba, ndani ya chipu ya FPGA inayoendeshwa na saa ya 50 MHz, inayotawala chipu ya nje ya kumbukumbu aina ya SRAM isiyotumia saa. Hali 0 ni kusubiri. Hali 1 hadi 3 ni za kusoma: kutoa anwani, kungoja, kisha kunasa data. Hali 4 huweka anwani na data ya kuandika, hali 5 huandika, na hali 6 hushikilia anwani na data zisiyumbe mpaka uandishi ukamilike. Kisha mashine inarudi 0.

Kumbukumbu huambiwa "andika sasa" kupitia pini iitwayo WE, ambayo huamrisha uandishi inaposhuka kwenda 0. Kwa hiyo mbunifu anaandika sentensi inayoonekana haina dosari: pini ishuke mashine ikiwa kwenye hali 5, ambayo kwa biti ni 101.

```verilog
assign we_n = ~(hali == 3'b101);
```

Sasa tazama mashine inapotoka hali 3 kwenda hali 4. Kwa biti, 011 inakuwa 100, yaani biti zote tatu zinabadilika kwa pamoja. Kwenye karatasi zinabadilika papo hapo. Ndani ya chipu, kila biti ina waya wake wenye urefu wake, na inafika kwenye mantiki ya WE kwa wakati wake. Tuseme biti ya kushoto inafika baada ya nanosekunde 0.6, ya kati baada ya 0.9, na ya kulia baada ya 2.1. Mantiki ya WE haitaona 011 kisha 100. Itaona 011, halafu 111, halafu 101, ndipo ione 100. Kwa muda wa nanosekunde 1.2 imeona hali 5, hali ambayo mashine haikuwahi kuingia, nayo kwa utiifu inashusha pini ya WE. Mshuko huo mfupi ambao hakuna aliyeuagiza ndio glichi.

Ukipima mipito mingine sita ya mashine hii utaona hakuna wa kuogopwa. Kutoka 101 kwenda 110, kwa mfano, biti mbili zinabadilika, lakini njiani kuna 111 au 100 tu. Mpito mmoja kati ya saba ndio wenye mtego, tena ni pale tu biti ya kulia inapochelewa kuliko wenzake. Hapo ndipo inapoeleweka kwa nini hitilafu hubadilika tabia kila mradi unapojengwa upya: programu ya kupanga mantiki huzipitisha nyaya kwingine, na ucheleweshaji nao unabadilika. Joto na volteji pia huusogeza. Fundi anaongeza taa moja ya kuonyesha hali ya bodi, na tatizo linatoweka. Akiiondoa linarudi, na anabaki akiishuku taa.

Kwa nini basi inaharibika anwani iliyosomwa? Kwa sababu glichi inatokea wakati huohuo pini za anwani zinapohama kutoka anwani ya kusomea kwenda ya kuandikia, na njia ya data inapokabidhiwa kutoka kwa kumbukumbu kwenda kwa FPGA. Kumbukumbu ikiipokea amri hiyo ya uongo, itaandika chochote kilichopo kwenye njia ya data, ama kwenye anwani ya zamani ama kwenye mchanganyiko wa biti za anwani mbili. Ikiangukia anwani mpya hakuna atakayejua, maana hali 5 itaandika juu yake data sahihi muda mfupi baadaye. Madhara yanayobaki kuonekana ni yale ya anwani ya zamani, na ya anwani za bahati nasibu.

Wapo watakaosema kwamba nanosekunde 1.2 ni muda mfupi mno kwa kumbukumbu kuandika. Karatasi ya maelezo ya SRAM ya nanosekunde 10 inaweza kudai WE ishuke kwa nanosekunde 8 hivi. Lakini kipimo hicho kinaahidi kwamba mshuko wa urefu huo *utaandika*. Hakiahidi kwamba mfupi zaidi *hautaandika*. Chini ya kipimo hicho ni eneo ambalo mtengenezaji hakutoa neno lolote, na mbunifu hana haki ya kulitegemea.

Kuikamata glichi kwa vifaa ni kazi ngumu kuliko inavyodhaniwa. Uigaji wa kawaida wa msimbo hauna ucheleweshaji wa nyaya, kwa hiyo biti zote hubadilika pamoja na glichi haizaliwi kabisa. Kichambuzi cha mawimbi kinachojengwa ndani ya FPGA huchukua sampuli kwa saa ileile ya mashine, yaani hutazama wakati mambo yameshatulia. Osiloskopu ya 100 MHz ina muda wake wa kupanda wa nanosekunde 3.5 hivi, na mshuko wa 1.2 utaonekana kama kidonda kidogo kwenye mstari, au usionekane. Kinachosaidia ni osiloskopu yenye upana wa kutosha, iliyowekwa isimame kila inapokutana na mshuko mfupi kuliko nanosekunde 5. Njia nyingine haihitaji kifaa cha gharama: jaza kumbukumbu yote kwa data unayoijua, ifanye mashine ipite 3 kwenda 4 mara nyingi sana huku ikiandika anwani moja tu, kisha soma kumbukumbu nzima. Kama anwani nyingine zimebadilika, umepata jibu.

Dawa yake ni flip-flopu moja.

```verilog
always @(posedge clk)
  if (rst) we_n <= 1'b1;
  else     we_n <= ~(hali_ijayo == 3'b101);
```

Flip-flopu huangalia mlango wake wa kuingilia kwenye ukingo wa saa peke yake. Ni kama mwalimu anayekusanya madaftari kengele inapolia: mwanafunzi aliyeandika na kufuta mara tatu kabla ya kengele hatajulikana, kinachochukuliwa ni kilichomo daftarini wakati huo. Mantiki iliyo nyuma ya flip-flopu itaendelea kutoa glichi kama kawaida. Lakini kwa saa ya 50 MHz kati ya ukingo na ukingo kuna nanosekunde 20, na mantiki ndogo kama hii imeshatulia baada ya chache tu. Kinachotoka upande wa pili kinabadilika mara moja kwa kila ukingo, au hakibadiliki.

Nawaomba wasomaji watazame neno `hali_ijayo` kwenye msimbo huo. Wengi hurejista matokeo kwa kulinganisha hali ya sasa, na hapo WE inashuka saa moja nyuma, mashine ikiwa tayari kwenye hali 6, na inapanda wakati mashine inarudi 0 na anwani inaondoka. Wamefukuza glichi na kukaribisha kosa jingine la uandishi. Ukilinganisha hali ijayo, flip-flopu ya WE na flip-flopu za hali zinageuka kwenye ukingo mmoja, na WE inashuka mashine inapoingia hali 5 kama ilivyokusudiwa. Gharama yake ni kwamba mantiki iliyo nyuma ya flip-flopu inakuwa ndefu kidogo, jambo ambalo kwa saa ya 50 MHz halina uzito, ingawa kwa saa ya kasi sana huenda likahitaji kupimwa.

Wengine hupendelea kubadilisha namba za hali, ili biti moja tu ibadilike kila mpito, au kila hali ipewe biti yake. Kwa mashine yetu njia ya pili ingefaa leo. Sipendi kuitegemea, kwa sababu programu nyingi za kusanisi huzipanga namba za hali upya bila kukuuliza, na kwa sababu mashine yenye njia panda nyingi mara nyingi haiwezi kupangwa kwa njia ya kwanza. Hata ukiipa kila hali biti yake, tokeo linalopaswa kubaki juu katika hali mbili zinazofuatana linaweza kuporomoka kwa muda mfupi katikati, biti moja ikishashuka kabla ya mwenzake kupanda.

Si kila tokeo linahitaji flip-flopu ya ziada. Tokeo linaloenda kwenye saketi nyingine inayotumia saa ileile linaweza kubaki lilivyo, kwani mpokeaji wake naye hutazama kwenye ukingo tu. Tahadhari ni pale mpokeaji anapoitikia muda wowote: pini za kumbukumbu kama hizi, mlango wa kufuta flip-flopu bila kungoja saa, lachi, au tokeo likitumika lenyewe kama saa. Kundi jingine ni tokeo linalovuka kwenda eneo lenye saa tofauti. Flip-flopu mbili za kupokea huko zinatuliza mawimbi yasiyoamua, lakini haziwezi kujua kama 1 iliyonaswa ilikuwa ya kweli au glichi. Kwa hiyo rejista iwe upande wa mtumaji, kabla ya kuvuka.

Kwa pini za nje, FPGA nyingi zina flip-flopu ndani ya seli ya pini yenyewe. WE, anwani na data zikirejistiwa hapo, ucheleweshaji wa kutoka unakaribiana kwa pini zote na haubadiliki mradi unapojengwa upya. Angalia tu msimbo usiisome tena `we_n` kwa kazi ya ndani, maana kwa chipu nyingi kufanya hivyo huizuia programu kuiweka flip-flopu kwenye seli ya pini. Na kwa kuwa FPGA inapowashwa huchukua muda kupakia usanidi wake, ambapo rejista yako bado haipo, weka kizuizi cha umeme cha kuivuta WE juu kwenye bodi, 4.7 kΩ au 10 kΩ hutosha.